Kwenye grupu anaeleweka, kwenye barua pepe anaonekana mkali: tuandikeje kazini?

Bint_Shela (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, na hamjambo wote mlioko humu.

Nasimamia mapokezi katika hoteli ndogo huku Shela. Kazini tuna grupu la WhatsApp: mapokezi, jikoni, watu wa vyumba, manahodha wawili, askari wa usiku na meneja. Mwenye hoteli na mhasibu wako Mombasa na hawamo kwenye grupu. Mambo yao yote hupitia barua pepe, na mwenyewe ametaka ziandikwe kwa Kiswahili ili kila mfanyakazi aweze kujiandikia mwenyewe.

Kijana wetu wa mapokezi ni hodari wa kazi. Juzi boti yetu ilizima ikiwa na wageni 6 wanaowahi ndege Manda. Akaandika kwenye grupu:

> Salaam aleikum. Boti imezima hapa kati, maji ya injini hayatoki. Wageni 6 wamo, ndege saa 4:30. Aliye karibu na boti anipigie SASA. Maji yanatusukuma upande wa Ras Kitau

Haikupita muda nahodha wetu wa pili akampata jirani mwenye boti, wageni wakahamishwa na ndege wakaiwahi. Hakuna aliyechukizwa na ile SASA. Jioni kijana akamwandikia mhasibu barua pepe, nakala kwa meneja na kwa mwenye hoteli:

> Kichwa: Boti
>
> Habari. Boti imezima tena. Tumekodi ya nje 4,500. Pesa itumwe leo mwenye boti anangoja. Na ile pampu inunuliwe, tumeshasema sana.

Mhasibu alijibu mstari mmoja: "Naomba uandike kwa utaratibu." Pesa haikutoka siku ile wala ya pili yake, na mwenye boti akawa anakuja mapokezi kudai. Kijana ananiuliza, "Bi, mbona kwenye grupu niliandika vivi hivi na watu wakanisaidia?"

Kwa meneja mambo ni kinyume. Barua pepe zake zasomeka vizuri, hata wageni humsifu. Akija kwenye grupu huandika hivi:

> Ningependa kuwakumbusha wahusika kuwa taulo za bwawa zinapaswa kukusanywa kabla ya saa 12 jioni kama ilivyoelekezwa awali. Natarajia ushirikiano wenu.

Basi grupu zima hunyamaza. Tiki za buluu zote zimewaka na hapana ajibuye. Dada mmoja wa vyumba alijitoa kwenye grupu siku hiyo hiyo.

Watu ni hao hao, hoteli ni hiyo hiyo. Nataka nimfundishe kijana, na ikiwezekana nijue la kumwambia meneja. Kuna kanuni gani hapa?

---

kijana_wa_Barani

Dada, jibu rahisi. Barua pepe rasmi ifuate muundo tuliofundishwa shule: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, Bwana au Bi, halafu KUH: kwa herufi kubwa, mwili, na mwisho "Wako mwaminifu" na sahihi. Huyo kijana hakuweka hata kimoja. Lugha nayo ailainishe. Mimi hapa Malindi huandika: "Ningependa kuchukua fursa hii kukuomba, iwapo ungeweza, uone uwezekano wa kutusaidia kuhusu suala la malipo."

Kwenye grupu aandike apendavyo. Grupu halina uzito wowote, ni maongezi tu, na ukikosea una dakika 15 za kuurekebisha ujumbe wako.

---

Karani_Mkomani

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimekaa ofisini miaka mingi, tangu barua zikipigwa taipu mpaka zama hizi za imeli, na nimeona ugomvi mwingi wa namna hii.

Kabla sijasema neno, nina maswali matatu. Ile nakala ya mwenye hoteli, kijana aliitia kwa hiari yake au ndiyo kawaida yenu? Pampu, mwenye kuamua inunuliwe ni mhasibu au ni meneja? Na risiti ya boti ya kukodi ilikuwako?

---

Bint_Shela

Shukran, mzee wangu. Nakala aliitia mwenyewe, asema alitaka "wakubwa wote wajue". Pampu huamuliwa na meneja, mhasibu hulipa tu. Risiti ilikuwako, imeandikwa kwa mkono, lakini hakuiambatisha.

---

Nahodha_Matondoni

Mimi sijui mambo ya barua pepe lakini la boti nalijua. Maji yakiacha kutoka kwenye kile kitundu cha nyuma cha injini, zima papo hapo. Huyo nahodha wenu alifanya sawa. Mara nyingi ni yale mapanga ya mpira ndani ya pampu yameliwa na mchanga, na huku kwetu mchanga hauna mwisho. Si lazima mnunue pampu nzima, badilisheni yale mapanga kwanza.

Kuhusu kuandika, wenzangu kwenye grupu letu la manahodha hutuma sauti. Sauti haigombani na mtu. Ukisema "njoo sasa" mwenzio anasikia upepo na injini nyuma yako, anajua una shida. Ukiandika "njoo sasa" hasikii kitu.

---

Karani_Mkomani

Nahodha kasema jambo kubwa pale mwisho, naanzia hapo.

Ujumbe wa kijana kwenye grupu una amri: "anipigie SASA". Haukumchukiza mtu kwa sababu kila aliyeusoma aliiona ile hali machoni pake. Anaijua boti, anajua Ras Kitau iko wapi na maji yakivuta yanakwenda vipi, anajua saa 4:30 haingoji. Amri ile haikumlenga mtu mmoja, ilimlenga yeyote mwenye uwezo. Tena alianza na salamu, na alitoa kila kitu anachohitaji mtu wa kuja kuokoa: wako wangapi, wapi, tatizo gani, muda gani. Kwa grupu, huo ni uandishi mzuri sana. Msimguse hapo.

Sasa mtazame mhasibu. Yuko Mombasa, mezani pake pana barua za watu wengine chungu nzima, na boti hakuiona. Anafungua barua yenye kichwa "Boti". Kitu cha kwanza anachokutana nacho ni "tena". Yeye hajui tena ya lini. Halafu "pesa itumwe leo". Itumwe na nani? Sentensi ya namna hiyo haina anayeomba wala anayeombwa, na mtu aliye mbali akiisoma husikia amri ya mkubwa kwa mdogo. Halafu inamalizia "tumeshasema sana", na mwenye hoteli yumo kwenye nakala. Hapo mhasibu hakusoma ombi. Alisoma mashtaka mbele ya tajiri wake, tena kwa jambo la pampu ambalo si lake kuamua.

Kwa hiyo jibu la "andika kwa utaratibu" halikuwa la kiburi. Alikosa risiti ya kuweka kwenye faili, na alikuwa ameguswa. Mambo mawili hayo yalikuja kwa pamoja.

Ningeiandika hivi, na mwambie kijana ailinganishe na yake neno kwa neno:

> Kichwa: Ombi la Sh 4,500, boti ya kukodi kwenda Manda, 14 Mei
>
> Kwako Bwana Mhasibu,
>
> Salaam. Naomba uidhinishe Sh 4,500 za mwenye boti tuliyoikodi leo asubuhi. Tumemwahidi malipo kabla ya kesho saa 11 jioni. Risiti yake nimeiambatisha.
>
> Boti yetu ilizima saa 3:10 asubuhi kati ya Shela na Manda, ikiwa na wageni 6 wa ndege ya saa 4:30. Nahodha aliona maji ya kupoza injini yameacha kutoka, akaizima isije ikaungua. Boti ya kukodi ilifika saa 3:25 na wageni wote waliwahi ndege.
>
> Mara ya mwisho boti kuzima kwa sababu hii ilikuwa tarehe 3 mwezi huu. Habari ya pampu namwandikia meneja kwa barua ya pekee.
>
> Ahsante,
> (jina), Mapokezi
> (namba ya simu)

Tazama neno "tena" limekwenda wapi. Limekuwa tarehe 3. Ukweli ni ule ule, lakini sasa mhasibu ana kitu cha kushika, na akiulizwa na mwenye hoteli ana la kujibu. "Tumeshasema sana" nimeliondoa kabisa, kwa sababu linamgombeza mtu asiyehusika. Saa na tarehe ya malipo imebaki pale pale, haikulainishwa. Ukimwandikia mtu kwa heshima bado una haki ya kumwambia unataka kitu lini, ila mpe na sababu.

---

kijana_wa_Barani

Mzee, naheshimu, lakini hiyo yako haina anwani, haina KUH:, haina "Wako mwaminifu". Mwalimu angekupa sufuri.

---

Karani_Mkomani

Mwalimu angekuwa sahihi kama ni karatasi, mwanangu. Muundo ule ulikuwa na kazi. Karatasi ikitoka kwenye bahasha haisemi imetoka kwa nani wala lini, kwa hiyo lazima iandikwe juu. Barua pepe yaonyesha jina lako, anwani yako, siku na saa kabla hujaandika neno. Kichwa chake ndicho hiyo KUH: yako. Ukiviandika tena ndani, msomaji ateremke mistari minane kabla ya kulifikia ombi, na kwenye simu hiyo ni skrini nzima. Ukiwa unaambatisha barua ya kuomba kazi au ya kujiuzulu, hapo muundo wa shule uutumie wote. Barua ya ndani ya kila siku haiuhitaji.

Na ile sentensi yako ya "fursa hii" na "uone uwezekano", nakuomba uisome kama mhasibu. Unataka nini? Shilingi ngapi? Lini? Mimi nimeisoma mara mbili na bado sijui. Ukirundika "ningependa", "iwapo", "ungeweza" na "uwezekano" katika sentensi moja, msomaji anahisi unaficha jambo, au huna hakika kama una haki ya kuomba. "Naomba uidhinishe" ina adabu ya kutosha. Moja tu yatosha.

---

Ummu_Aboud

Baba Karani kasema vyema, lakini nina neno kuhusu salamu. Wewe umeandika "Salaam" tu. Kwa nini kijana asiandike "Asalaam aleikum warahmatullah" kama kwenye grupu? Mhasibu ni mtu wa Mombasa, ataijibu. Mtu akikuandikia barua bila salamu kamili, hata maneno yawe matamu, unaona kama amekuingilia nyumbani bila hodi.

---

Karani_Mkomani

Bi Ummu, mimi mwenyewe nikimjua mtu humwandikia salamu kamili. Niliifupisha kwa sababu barua ya fedha huhama. Mhasibu ataituma kwa mkaguzi, mkaguzi huenda ni mtu wa bara au wa dini nyingine, na barua iwe inakaa sawa mbele ya wote.

---

Ummu_Aboud

Ikihama na ihame na salamu yake. Aliyeandikiwa ni mhasibu, mkaguzi aisome tu. Sikubaliani na wewe hapo, baba, na sidhani nitakubaliana.

---

Bint_Shela

Mimi nimekulia katika nyumba ya salamu kamili, moyo wangu uko na Bi Ummu. Lakini katika hoteli tuna wafanyakazi Wakristo na Waislamu, na wote husoma barua hizi. Nitamwachia kijana achague.

---

Fundi_Simu_Langoni

Dada Bint Shela, kama malipo yanachelewa huenda barua zinaingia kwenye taka. Mwambie mhasibu aangalie folda ya taka na aweke anwani ya mapokezi kwenye majina yake.

---

Bint_Shela

Ahsante, kaka, lakini barua ilifika, mhasibu aliijibu. Tatizo letu ni namna ilivyoandikwa.

---

Fundi_Simu_Langoni

Aa, nilisoma juu juu, samahani. Ila kwa faida ya kijana: kama ofisi yenu inatumia Gmail, kwenye mipangilio aongeze muda wa kutendua kutuma mpaka sekunde 30, ndio mwisho wake. Zikipita hizo barua imeshakwenda, hakuna zile dakika 15 za WhatsApp. Ndiyo maana mtu ukitoka kwenye grupu moja kwa moja ukaingia kwenye barua pepe ukiwa na joto la jambo, unatuma kabla hujapoa.

---

Mzalendo_Faza

Naomba turudi kwa meneja, kwa maana mimi niliwahi kuwa upande wa yule dada aliyejitoa. Nilikuwa nafanya kazi ghala, msimamizi akiandika kwenye grupu utadhani anasomwa na hakimu. "Wahusika wanafahamika." Sisi tuko saba, zamu ni yangu, mhusika ni nani kama si mimi? Bora angenitaja jina. Au bora angeniita pembeni tukaongea. Sikulala ile siku, nikifikiri barua ya kufukuzwa inakuja.

---

Karani_Mkomani

Pole, ndugu yangu. Na hilo ndilo lililomtoa dada wa vyumba.

Ujumbe wa meneja ukiutoa kwenye grupu na kuuweka kwenye karatasi ya idara, hauna kasoro. Balaa ni pale ulipotua. Katika grupu watu wameshazoeana: asubuhi mmoja ametuma picha ya samaki, mwingine kauliza nani ana ufunguo wa stoo. Katikati ya maongezi hayo anaingia mtu na "wahusika", "kama ilivyoelekezwa awali" na "natarajia ushirikiano". Haya matatu ni maneno ya barua ya onyo. Msomaji anaelewa kuwa faili limefunguliwa. Akijibu anaogopa kujiingiza, asipojibu anaonekana mkaidi, basi anasoma na kunyamaza. Zile tiki za buluu na ukimya haukuwa utovu wa adabu, ilikuwa hofu.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani lugha rasmi siku zote ni ya heshima zaidi. Kati ya watu waliozoeana, kurasmika ghafla ni ishara ya hasira. Mke akimwita mumewe "Bwana Fulani" mbele ya watoto, watoto wanatoka nje.

Sijui taulo zilikuwa na tatizo gani hasa. Bint Shela, unajua?

---

Bint_Shela

Najua, mzee, na ndiyo inayoniuma. Zamu ya yule dada huisha saa 11 jioni. Wageni wetu huogelea mpaka jua linazama. Saa 11 akiondoka taulo bado ziko viunoni mwa wageni. Baada yake hakuna aliyepangiwa bwawa. Kwa hiyo "wahusika" hawako kabisa! Lakini baada ya ujumbe ule nani angethubutu kusema?

---

Karani_Mkomani

Basi umeona lugha ilivyomgharimu meneja. Alihitaji habari moja, kwamba baada ya saa 11 bwawa halina mtu, na ujumbe wake ulifunga mdomo wa kila aliyeweza kumpa. Angeandika mathalan:

> Jamani, jioni tatu hizi taulo za bwawa zinalala nje zinaloa umande. Nani huwa anazichukua baada ya saa 11? Kama hakuna, niambieni tupange.

Swali la kweli, lenye alama ya kuuliza, bila "wahusika". Ndani ya dakika mbili angejibiwa. Likiwa ni kosa la mtu mmoja kweli, asiliweke kwenye grupu kwa lugha yoyote ile, tamu wala kali. Amwite. Likirudiwa, amwandikie yeye peke yake.

---

Sheria_Malindi

Nimepita tu, naona mahali pa kuongezea. Kijana wa Barani alisema grupu halina uzito wowote. Si kweli, na watu wanaumia kwa kuamini hivyo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi zikiambatana na hati ya kuthibitisha zilivyopatikana. Ujumbe wa WhatsApp ni kumbukumbu kama nyingine. Matusi au ahadi uliyoandika saa 5 usiku yaweza kusomwa mezani siku moja.

Kwa upande wa pili, wale wenye hofu kama ndugu wa Faza: ujumbe kwenye grupu si njia ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na amsikilize. Kwa hiyo meneja anayetia sauti ya onyo kwenye grupu hajatoa onyo lolote la maana, na ameshaudhi watu. Amepoteza pande zote mbili.

---

kijana_wa_Barani

Nimekubali hilo la uzito, wakili. Basi likizo je? Mimi huomba kwenye grupu, bosi anaweka dole gumba, naenda zangu. Inatosha?

---

Sheria_Malindi

Dole gumba ni bora kuliko kimya, ila mtu anaweza kusema alimaanisha "nimeona". Siku hiyo hiyo andika barua pepe fupi: "Nashukuru kwa kunikubalia likizo ya tarehe kadha mpaka kadha, kama tulivyokubaliana leo." Sauti iwe ya shukrani, isiwe ya kumtega. Mtu akiona neno "ushahidi" au "kwa kumbukumbu zangu" katika barua ya likizo ya siku nne, atajiuliza unapanga nini.

---

Mzalendo_Faza

Na nakala? Pale kwetu mtu akikutia mkubwa kwenye nakala ni kama amekushtaki, hata kama barua inasema "habari za asubuhi".

---

Karani_Mkomani

Ndivyo ilivyo kila ofisi niliyoijua. Barua ya kijana, hata ile niliyoiandika upya, ukiitia mwenye hoteli kwenye nakala bila desturi, inabadilika sauti bila neno kubadilika. Mhasibu ataisoma kwa macho ya tajiri wake. Atajiuliza: huyu ananiomba au ananisemea?

Kwa hiyo ya kwanza iende kwa mhasibu na meneja tu, kwa sababu boti ni ya idara ya meneja. Ikipita ile saa 11 ya kesho bila jibu, kijana ajibu juu ya barua ile ile, "Bwana Mhasibu, mwenye boti amefika kuulizia, naomba unijulishe." Bado bila mwenye hoteli. Ikishindikana tena, Bint Shela kama msimamizi ndiye apande juu, tena amwambie mhasibu kwanza kwamba anapanda. Mtu akijua nakala inakuja haimkati.

---

Ummu_Aboud

Mimi ningempigia simu tu mhasibu kabla ya hiyo barua ya pili. Maneno mawili kwa sauti hupoza.

---

Karani_Mkomani

Hilo nakukubalia, Bi Ummu. Apige, kisha aandike mstari mmoja wa kile walichokubaliana.

---

Bint_Shela

Mashaallah, nimepata mengi. Limebaki lile gumu. Meneja ni mkubwa wangu, kanizidi cheo na umri. Nitamwambiaje kwamba lugha yake kwenye grupu inawafunga watu midomo?

---

Mzalendo_Faza

Mwonyeshe uzi huu.

---

Ummu_Aboud

La, usimwonyeshe! Atajua umemjadili na watu wa nje. Mngoje akiwa peke yake, baada ya kazi, umwambie habari ya taulo tu: zamu ya dada huisha saa 11. Ya lugha yake mwachie, akili atazipata mwenyewe.

---

Karani_Mkomani

Naona ugumu wake. Ukimwambia la taulo tu, atapanga zamu upya, na wiki ijayo atawaandikia "wahusika" wa jambo jingine. Ningejaribu hivi: muombe akuruhusu wewe uwe unaandika matangazo ya grupu kwa niaba yake, maana wewe uko karibu na zamu zote. Wakubwa wengi hukubali kupunguziwa kazi. Lakini yule dada aliyetoka, huyo lazima meneja mwenyewe amfuate. Hapo huwezi kumwakilisha.

---

Bint_Shela

Sina hakika atakubali, ni mtu wa kupenda jina lake lionekane. Nitalipima.

Kijana naye kaisoma barua yako, mzee, kisha leo ameandika yake ya pampu kwa meneja. Mwenyewe, bila mimi. Naiweka hapa uione:

> Kichwa: Pampu ya maji ya injini ya boti: ombi la kutengenezwa kabla ya Ijumaa
>
> Bwana Meneja, salaam aleikum.
>
> Naomba ruhusa boti ipelekwe kwa fundi kabla ya Ijumaa. Imezima mara mbili mwezi huu, tarehe 3 na tarehe 14, mara zote maji ya kupoza yakiacha kutoka. Ijumaa tuna wageni 8 wa kupelekwa Manda na sidhani ni salama kuitumia. Nahodha anashauri mapanga ya mpira ndani ya pampu yabadilishwe kwanza kabla ya kununua pampu nzima. Nitakuletea bei ya fundi leo jioni.
>
> Nadhani wewe unajua umuhimu wa jambo hili.
>
> Ahsante.

---

Karani_Mkomani

Hongera zake, wallahi. Atoe ule mstari wa "unajua umuhimu" tu. Wageni 8 wa Ijumaa wameshausema. Na ajaze jina lake chini, meneja asome kwenye simu ajue ni nani.

---

Nahodha_Matondoni

Na fundi akiifungua pampu, mapanga yakiwa yamekatika, atafute vile vipande vyote. Kikibaki kimoja kwenye njia ya maji injini itachemka tena Ijumaa hiyo hiyo. Mwambie kijana aliandike na hilo.